Shuka Mapipa

Mama Tuse alipogundua kuwa gari limefika mwisho, abiria wote walishashuka na dereva anamtazama kwenye kioo.

"Mama, ndiyo Gerezani hii."

"Morocco je?"

"Morocco hukupanda."

Alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Igawa na kiroba cha mchele wa Ubaruku, kilo ishirini na tano, zawadi ya mzazi. Bintiye alikuwa amejifungua juzi, anakaa Kinondoni, hatua chache tu kutoka kituo cha Morocco. Maelekezo aliyopewa kwa simu yalikuwa ya watu wa Dar es Salaam: ukishuka Mbezi chukua mwendokasi mpaka Kimara, ukifika Kimara panda ya Morocco, basi, mama, huwezi kupotea. Kimara alikuta umati. Gari lilisimama, milango ikafunguka, na kabla hajasoma kilichoandikwa mbele umati ulishamwingiza ndani, yeye na kiroba chake. Simu nayo ilizimika tangu Chalinze.

Pale Gerezani alimuuliza kijana mwenye begi mgongoni. Kijana akaamkia vizuri, akaitikiwa, kisha akamwaga: "Rudi na gari la Kimara, pita Msimbazi, pita Fire, pita Jangwani, halafu hapo mbele shuka uulize." Huyo akapotea na gari la pili. Kwenye jiji hili mtu hakunyimi maelekezo. Anakupa nusu, ile nusu nyingine unaikuta kwa mwingine huko uendako.

Akajitwisha kiroba aelekee nje, mlinzi akamzuia.

"Shikamoo mama. Unatoka?"

"Marahaba. Nimepotea, mwanangu, natafuta Morocco."

"Kama bado unasafiri usivuke geti. Ukitoka utakata tiketi nyingine. Ukibaki humu ndani unabadilisha magari tu. Ramani ile pale ukutani."

Ilikuwa nyuma ya plastiki iliyokwaruzika, rangi zimepauka kwa jua, na katikati mtu amebandika stika ya fundi friji. Mama Tuse aliweka mzigo chini akaitazama kama anavyotazama kitu chochote cha ardhi: kwanza akatafuta bahari. Hakuna bahari. Akatafuta bonde lile pana la Mto Msimbazi alilolivuka muda si mrefu, lenye matope na majani. Halimo. Kati ya Magomeni Mapipa na Jangwani palikuwa na nafasi ya kidole gumba, na kati ya Fire na Msimbazi hivyo hivyo, kidole gumba. Barabara aliyopita ilikuwa na kona zake. Hapa imenyooka kama imepigwa rula, Kimara upande wa kushoto, Kivukoni kulia.

"Hii ramani ni ya uongo," alisema.

Mlinzi akacheka. "Wengi wanasema hivyo."

Angeweza kuishia hapo, amsubiri mtu mwingine wa kumwonea huruma. Lakini Mama Tuse si mgeni wa michoro. Kwenye skimu yao ya mpunga alikaa kamati ya maji miaka mingi, na ofisini kwao ulibandikwa mchoro wa mifereji ambao nao haukuwa na milima wala miembe. Fundi aliyeuchora aliulizwa kwa nini shamba la mtu limekuwa dogo vile, akajibu kuwa yeye hakuchora mashamba, amechora maji yanakopita. Unachotafuta mle ni banio liko wapi, mfereji mkuu unapita kwa nani kabla ya nani, na kigawa maji kiko wapi. Ukishajua maji yanagawanyika wapi, unajua nani wa kugombana naye.

Akaanza upya, safari hii kwa kidole. Hapa ulipo: Gerezani, duara lenye rangi, chini kabisa. Mstari unapanda hadi Msimbazi, unaungana na ule mkubwa pale Fire. Kutoka Fire kulia unakwenda Posta na Kivukoni, huko hana shughuli. Kushoto ni Jangwani, kisha Magomeni Mapipa, na baada ya Mapipa mstari unapasuka: mmoja unaendelea na Morogoro Road hadi Kimara, mwingine unapinda juu kufuata Kawawa, na mwisho wake, chini ya stika ya fundi friji, herufi mbili tu zinachungulia: C na O.

Akaing'oa stika kwa kucha. MOROCCO.

"Kwa hiyo gari lolote linalotoka hapa, mpaka Mapipa ni njia moja," alisema. "Baada ya Mapipa ndiyo kila mtu na njia yake."

"Ndiyo hivyo. Na ya Morocco moja kwa moja ipo, ila kwa saa hizi utaisubiri sana."

"Basi nakwenda na ya Kimara, nashuka Mapipa, nangoja yenye jina la Morocco hapo hapo."

"Umemaliza, mama."

Gari likaingia, limeandikwa KIMARA, viti vitupu kabisa, jambo ambalo kwa mwendokasi ni bahati ya kutosha kumtoa mtu akili. Watu wakaingia. Mama Tuse alikuwa ameshainama kushika kiroba, akasita. Chini ya mchoro palikuwa na mstari wa pili aliouruka, wenye vidoti vichache. Wa juu una kidoti kila kituo. Huu wa chini unatoka Gerezani, unagusa Fire, kisha unanyooka mtupu hadi Ubungo. Pembeni yake neno moja: EKSPRESI. Na neno hilo hilo lilikuwa kwenye kioo cha mbele cha gari, dogo, chini ya KIMARA.

"Mama, panda, kuna nafasi!" mwanamke mmoja alimwita kutoka mlangoni.

"Hilo halisimami Mapipa."

"Linasimama!"

"Halina kidoti."

Mlango ukafungwa. Mlinzi alitazama mchoro, akalitazama gari likiondoka, akanyamaza. Mama Tuse alisubiri amesimama. Lililofuata lilikuja limejaa hadi mlangoni, KIMARA tupu bila neno lingine, akajipenyeza, kiroba katikati ya miguu. Hakuangalia nje sana. Alihesabu: Msimbazi, Fire, Jangwani. Bonde likapita, pana kama lilivyokuwa asubuhi. Jangwani alipoona watu wanashuka hakuwafuata. Mapipa akasema "Nashuka" kwa sauti ya mkutano wa kijiji, wakampisha.

Hapo hakumuuliza mtu. Ya Kimara ilipita, akaiacha. Ya Kimara nyingine, akaiacha. Ikaja MOROCCO, akapanda, ikapinda kulia kama mchoro ulivyosema, ikapita Mkwajuni na Mwanamboka. Kijana aliyekaa karibu naye alikuwa na betri ya kuchajia, akamwazima waya. Simu ilipowaka tu ikalia.

"Mama! Uko wapi? Tangu asubuhi napiga! Nimtume Baba Junia aje akuchukue Kimara?"

"Kimara nimetoka zamani. Nimekwenda Gerezani."

"Gerezani! Mungu wangu. Usiondoke hapo, mama, uliza mtu akuonyeshe..."

"Tuse, wewe unakaa Dar mwaka wa ngapi?"

"Wa sita."

"Ukitoka Gerezani kuja kwako, unabadilisha gari wapi?"

Kimya, halafu mtoto akalia upande wa pili.

"Mimi huwa napanda bodaboda," Tuse alisema.

"Bandika maji ya wali. Nashuka sasa hivi."