Ripoti ya Uangalizi wa Ziara ya Nyumbani, Nyalenda B, Kisumu

Tarehe: Jumatano, 12 Machi 2025, saa tatu na robo hadi saa nne asubuhi.
Aliyeangaliwa: mhamasishaji wa afya ya jamii.
Mwangalizi: msaidizi wa afya ya jamii.
Kaya: mama na mtoto wa kiume wa miezi 14 anayekohoa.
Alama: Ndiyo, Kwa sehemu, Hapana.

Kuingia na ridhaa: Ndiyo. Alibisha, akanitambulisha na kumwomba mama ruhusa ya mimi kukaa pale kabla ya kufungua mkoba.

Vipimo: Ndiyo. Alihesabu pumzi kwa dakika nzima mtoto akiwa ametulia kifuani pa mamake, akapata 36, ambayo iko chini ya kiwango cha hatari cha 40 kwa umri huo. Aliuliza kama mtoto ametapika kila kitu, amepata degedege au amekataa kunyonya, kisha akabonyeza nyayo zote mbili kutafuta uvimbe. Utepe wa mkono aliuvuta kupita kiasi mara ya kwanza hata ngozi ikajikunja, ukasoma sentimita 11.9, aliona mwenyewe, akaulegeza na kupima upya katikati ya bega na kiwiko cha mkono wa kushoto, akapata 12.2. Rangi ni njano kwa vipimo vyote viwili, lakini kujisahihisha huko ndiko ninakotaka kuona kwa kila mhamasishaji.

Ushauri: Kwa sehemu. Alianza kwa kuuliza mtoto alikula nini jana. Mama alitaja uji mwepesi asubuhi na ugali kwa mchuzi wa sukuma wiki jioni, akaongeza, "Omena ninayo, daktari, lakini naogopa miiba." Hapo alishauri omena iliyokaushwa isagwe hadi iwe unga na kukorogwa katika uji mzito, kunyonyesha kuendelee, na milo ifike mitatu au minne kwa siku pamoja na vitafunio, kisha akamwambia, "Hebu mama, nieleze utakavyoupika uji wa jioni." Mama alieleza bila kukosea. Kuhusu neti alitosheka na jibu kwamba ipo, ilhali katika eneo hili la malaria alipaswa kuomba kuiona ilivyotundikwa.

Kumbukumbu: Kwa sehemu. Alithibitisha chanjo ya surua ya miezi 9 katika kijitabu cha mama na mtoto, na fomu ya rufaa MOH 100 aliijaza kikamilifu, ikiwa na 12.2. Katika simu, hata hivyo, aliandika "njano" pekee, tena tukiwa tayari langoni. Mtoto akishuka hadi 11.6 mwezi ujao bado atasomeka njano, na hakuna atakayejua kwamba amepungua.

Tulivyokubaliana. Namba iliingizwa papo hapo mbele yangu. Kuanzia sasa ataandika kila kipimo akiwa bado ameketi na mama. Ijumaa atarudi kuhakikisha mtoto amefikishwa kliniki, kuangalia kikohozi na kuiona neti.