Kikapu cha Fundi: maneno yaliyosomwa kwenye arobaini yake

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Masheikh wetu, wazee wa mtaa, mama yetu uliyekaa hapo na wanao, na nyinyi wenzangu mliopita mikononi mwa Fundi, wa zamani na wa juzi. Hitma imekwisha, sahani zinakuja, na nimeshaambiwa nisiwacheleweshe. Nitasoma nilichoandika, maana nikisema bila karatasi sitafika mwisho.

Mji wetu wa Tanga unasifika kwa waja leo waondoka leo. Fundi alikuja akitokea Pangani, kijana wa karakana ya reli, akakaa mpaka tulipomzika. Timu aliianzisha 1989. Mwaka uliotangulia Coastal Union walikuwa wamechukua ubingwa wa nchi, na wazee mliopo mnakumbuka Ngamiani ilivyokuwa: kila mtoto alikuwa mchezaji wa Coastal, isipokuwa watoto wa African Sports, ambao walikuwa wabishi tu. Tulicheza chandimu barabarani kwa mpira wa makaratasi na nailoni uliofungwa kwa kamba ya katani, na vioo vya watu vikapata tabu. Siku moja Fundi alichoka na kesi zetu. Akatuswaga watoto kumi na tisa hadi nyuma ya reli, kwenye majani na mavi ya ng'ombe, akasema, "Haya, hapa mtavunja nini?" Uzinduzi wa klabu ulikuwa huo. Mgeni rasmi hakuwepo.

Alipopunguzwa kazini alifungua kijiwe cha kutengeneza baiskeli chini ya mkungu, mnaujua. Saa tisa na nusu alifunga, kazi iwe imekwisha au haijakwisha. Nimemshuhudia bwana mmoja ameachwa kasimama na gurudumu la mbele mkononi, kaambiwa arudi baada ya magharibi. Mtu wa baiskeli katika mji wa baiskeli, akakimbia wateja kila siku saa ile wanapotoka kazini! Hesabu ya alichokipoteza sitaifanya hapa, mama yetu anaijua.

Na timu haikumlipa hata nauli. Mwaka mmoja sisi wa kamati tulijikusanya tukamchangia shilingi elfu arobaini. Alizipokea kwa mikono miwili, akatushukuru sana. Kesho yake tukakuta nyavu mpya golini. Tukacheka, tukasema huyu mzee haachi, na hatukumchangia tena. Leo nasema mbele yenu kwamba hatukuacha kwa sababu yeye hakutaka. Tuliacha kwa sababu kuacha kulikuwa rahisi.

Watu wamekuwa wakinipa pole na kunitajia wachezaji aliowatoa. Wapo, na wengine wako hapa. Mmoja alichukuliwa na timu kubwa, siitaji, ikatuahidi mipira mitatu. Mpaka leo tunaisubiri. Sisi tulipokuwa tunafoka, Fundi aliuliza kitu kimoja: "Kaondoka na viatu?" Tukamwambia ndiyo, vipya. "Basi," akasema, akaendelea kushona mpira. Alishona mwenyewe, kwa msharasi na uzi aliousugua nta, na ule mpira wa kijani uliopo stoo una viraka vingi kuliko ngozi yake ya asili.

Lakini mimi ninayelishika daftari lake sasa, ninawaambia mambo ya wachezaji si mengi humo. Kuna jina la mtoto, darasa, jina la mama, halafu safu ya nne kaandika "Kala?" Kila siku ya mazoezi, kila jina, vema au duara. Mwenye duara alitumwa kwa Fundi nyumbani "akachukue pampu". Tulikuwa tunaifuata pampu, tunakuta bakuli la uji na muhogo, tunakula, tunarudi bila pampu wala hakuna anayeuliza. Nilikuwa na miaka kumi na minne ndipo nilipogundua kwamba pampu ilikuwa kijiweni siku zote.

Mama, uji ule nani alikuwa anaupika? Katika salamu zote za rambirambi zilizosomwa tangu msibani, nimesikia "mwanzilishi alijitolea", "mwanzilishi hakulipwa". Aliyeamka kusaga mtama hakulipwa vilevile. Wenzangu, huyu mama ni mwanzilishi mwenza wa timu hii, na kwenye ukuta wa stoo tutaandika majina mawili.

Fundi hakuwa malaika, na angenizomea nikimfanya malaika. Alikuwa mkaidi kama punda wa chokaa. Wasichana aliwakataa miaka mingi, hataki kusikia; binti akitaka mpira aambiwe akaokote nyuma ya goli. Halafu mwaka 2010 Twiga Stars wakafuzu kwenda Afrika Kusini, fainali za Afrika za wanawake, na mmoja wa hao waokotaji akamwuliza mbele ya watu, "Babu, na wale nao waliokota?" Wiki nzima hakuzungumza naye. Jumatatu iliyofuata akafungua ukurasa mpya kwenye daftari, na jina la kwanza ni la binti huyo. Kuomba radhi hakujua. Kufungua ukurasa alijua.

Na ile ya jezi siwezi kuiacha. Mgombea mmoja alituletea jezi ishirini zenye uso wake kifuani. Fundi alishukuru, akatoa soda, akampigia makofi. Siku ya mechi akatuvalisha zote ndani nje. "Nguo ni nguo," akasema.

Sasa nije kwenye kikapu, ndicho kilichonifanya niandike.

Siku kumi baada ya mazishi tulianza tena mazoezi. Watoto walikuwa wachangamfu, tukasema Fundi angefurahi. Hazikupita dakika tano, mtoto wa miaka tisa akakanyaga kipande cha chupa. Nikamfunga mguu kwa khanga ya mama mmoja aliyekuwa anapita. Tukaanza kuangalia chini: vioo, vizibo, miiba, msumari wenye kutu. Nikasimama najiuliza, uchafu huu umeingia lini? Nimecheza hapa peku tangu mdogo, sijawahi kuchomwa.

Yule kijana wa duka la pembeni ndiye aliyeniambia. Kila siku, kabla sisi hatujafika, Fundi alikipita kiwanja chote kwa miguu, mstari kwa mstari, kama mtu anayepalilia, na kikapu chake cha ukili mkononi. Alianzia goli la reli akaishia goli la mkungu. Ndiyo sababu ya saa tisa na nusu. Sisi tulidhani anawahi kukaa kivulini. Mvua, jua, Ramadhani na njaa yake, hata siku tulizokuwa hatuna mazoezi, maana watu hunywa hapo usiku. Tangu 1989. Kwa miaka yote hiyo tumemkuta amekaa, kikapu kipo miguuni kwake, na hakuna kati yetu aliyekichungulia.

Kikapu mama amekitoa, hiki hapa. Mpini mmoja umekatika, nimeufunga kwa waya wa breki, naamini angeukubali.

Allah amrehemu Fundi, amsamehe makosa yake, alipanue kaburi lake, na ampe mama yetu na watoto subira. Amin.

Tangazo moja kabla ya chakula. Zamu ya kikapu nimeibandika mlangoni pa stoo, watu wazima tu, watoto hawagusi vioo. Kesho ni mimi. Jumatano bado haina jina.