Nanga ya Kibua

Yalikuwa maji mafu, msimu wa kaskazi. Mkondo wa Nungwi ulikuwa mdogo, na ngalawa ya Nahodha Chewa ilitoka pwani kwa umande, upepo wa alfajiri utokao nchi kavu, kabla nyota hazijazama.

Mabaharia walikuwa watatu. Tezini, nyuma ya chombo, alikaa Nahodha Chewa, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye kamba ya demani. Omoni, mbele, alikaa Kolekole, mvuvi wa mabega mapana. Katikati, pale maji ya ngama yanapojikusanya, alichutama Kibua na upo wake. Kazi yake ilikuwa kufua maji, kuyachota na kuyamwaga nje, basi. Kalafati ya ngalawa ile ilikuwa imechoka, na mawimbi nayo yalirushia yao. Maji yakijaa ndani, chombo huwa kizito, mirengu ya ubavuni huzama, na usukani hukawia kuitikia. Kwa hiyo Kibua alifua, akamwaga, akafua tena.

Jua lilipochomoza baharini walikuwa juu ya mwamba. Nahodha akatua tanga. Kolekole akateremsha bildi kupima kina.

"Pima tano, Nahodha."

"Tupa nanga. Toa amari pima 15."

Pima tatu za amari, kamba ya nanga, kwa kila pima ya kina: ndivyo nanga inavyolala vizuri na kushika. Amari ikiwa fupi, kila wimbi linaloinua omo huinyanyua nanga, na chombo huanza kuburutwa kuelekea mwambani.

Maji yalikuwa maangavu. Kibua akainama ubavuni akaiona nanga ikizama. Makucha manne yakagusa mchanga, yakaburutwa kidogo kuelekea pwani, kisha kucha moja ikaingia chini ya ukingo wa mwamba, upande wa kilindini. Amari ikakaza. Chombo kikageuza omo kuelekea kilindini.

"Kibua! Maji!"

Akarudi kwenye upo.

Wavuvi wakakata ngisi vipande vyembamba, wakavitunga kwenye ndoana, ncha ikiachwa ining'inie icheze majini. Mishipi ikateremka. Chubwi likigonga chini, mvuvi huvuta nusu pima juu, la sivyo ndoana hunasa mwambani. Tasi ndio waliotangulia. Wao humung'unya chambo taratibu na kuacha ndoana tupu. Baadaye wakaja changu. Changu hugonga, hugonga tena, halafu huondoka nacho, na hapo ndipo mkono unapokaza mshipi. Kolekole akapandisha wanne. Nahodha akapata chewa, akamvuta pima mbili za kwanza bila kupumzika, maana chewa akiwahi pangoni hutanua mashavu na mapezi, na mshipi hukatikia huko.

Tenga lilipojaa nusu, kaskazi ikaamka. Kwanza bahari ilibadilika rangi kule kilindini, kisha mapovu meupe yakatokea juu ya mawimbi. Nahodha akakunja mshipi wake.

"Ng'oa nanga. Twende zetu pwani."

Kolekole akavuta amari hadi ikasimama wima chini ya omo. Akavuta tena. Haikuja. Akaifunga omoni ili apumue, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Wimbi likaja, chombo kikataka kupanda, lakini amari iliyokuwa fupi na imekaza haikukipa nafasi. Omo ikabaki chini, wimbi likapita juu yake na kumwagika ndani. Tenga likaelea. Samaki chewa akateleza hadi tezini.

"Toa amari!" Nahodha akapaza sauti. "Usifunge fupi kwenye mawimbi!"

Kolekole akaiachia. Omo ikainuka. Kibua alifua mpaka mikono ikawaka kwa chumvi.

"Nahodha, nanga imenasa mwambani," Kolekole akasema. "Tukate amari."

Nahodha akautazama upepo, akautazama mwamba nyuma yao ambako mawimbi yalikuwa yanavunjika. Mkono wake ukaenda kwenye kisu cha kupasulia samaki.

"Nahodha," Kibua akasema bila kuacha kufua, "niliiona inavyoshika. Kucha imeingia upande wa kilindini. Sisi tunavuta kutoka pwani, na kila tukivuta inazidi kuingia."

Kisu kikasimama.

"Umeiona kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu. Tukipita juu yake tukavutie kule kilindini, itatoka ilikoingilia."

"Kolekole, shika kafi," Nahodha akasema. "Mimi nitapiga la pili. Kibua, acha upo, nenda omoni. Tukisogea, wewe unakusanya amari. Isilegee sana, isikaze."

Wakapiga makafi wakiukabili upepo. Kibua akawa anavuta amari na kuikunja ndani, pima moja, pima mbili, tatu. Wimbi likamrusha kando, akaponyokwa na pima mbili. Amari iliyolegea ikaelea na kupita nje ya mrengu wa kushoto. Ilipokaza, ikaukamata mrengu na kuuvuta chini. Ngalawa ikaanza kugeuka ubavu kwa mawimbi.

"Legeza! Toa yote!"

Kibua akaachia kila alichokuwa amekusanya. Mrengu ukaibuka. Kolekole akachukua upondo, akaisukuma amari chini ya maji mpaka ikapita chini ya mrengu na kurudi omoni. Lau wangevuta wakati ule, mrengu ungezama na ngalawa kupinduka pamoja na samaki wote.

Wakaanza upya. Safari hii Kibua aliketi, miguu akaikaza kwenye mbavu za chombo, akasubiri omo ishuke kati ya wimbi na wimbi ndipo akusanye, na omo ilipopanda alishikilia tu. Pima tano. Pima nane. Amari ikasimama wima, kisha ikaanza kuelekea nyuma, chini ya chombo.

"Tumeipita!"

"Bado," Nahodha akasema. "Pima nne tena."

Makafi yakakata maji. Kisha Nahodha akatoa amri, na Kolekole akaruka omoni, wakavuta pamoja, mkubwa na mdogo. Amari ikatetemeka. Ikagoma. Halafu ikawa nyepesi ghafla, na Kibua akaangukia tenga la changu.

Nanga ikapanda na mwani kwenye makucha. Kucha moja ilikuwa imepinda.

Tanga likatwekwa na kaskazi ikawasukuma hadi pwani. Mawimbi yakawa nyuma yao, na Kibua akapata nafasi ya kumalizia kufua.

Ufukweni, maji yakipwa, Nahodha akanyoosha kucha. Kisha akafungua amari kwenye pete ya juu ya nanga.

"Tazama, mwanangu. Amari tunaifunga huku chini, makucha yanapokutana. Fundo la kudumu. Halafu tunaipandisha hadi kwenye pete, na pale petini tunaifunga kwa kipande cha mshipi mwembamba. Siku zote nanga itavutwa kwa juu, italala na kushika. Ikinasa, tunavuta kwa nguvu zetu zote, mshipi unakatika, na nanga inatoka kinyumenyume, makucha yakitangulia."

"Na mshipi ukikatika wakati tumelala na wavu usiku?"

Nahodha akanyamaza kidogo. Lilikuwa swali la baharia.

"Usiku, au upepo ukiwa mkali, tunazungusha mara tatu. Mchana juu ya mwamba, mara moja inatosha. Na mshipi ule unaukagua kila tunapotoka, maana chumvi na mwamba huula."

Alfajiri iliyofuata umande ulivuma tena. Kolekole alikaa katikati na upo. Kibua alikuwa omoni, anaukagua mshipi wa petini. Aliuona umechanika kidogo ubavuni, akaukata, akafunga mwingine mpya, akazungusha mara moja.

"Tayari, Nahodha."

"Sukuma."