YAH: Wizi wa vito vya dhahabu, bima ya nyumba namba MN/4471/23

Mji wa Kale, Mombasa
19 Februari 2024

Kwa Meneja wa Madai,

Jumamosi tarehe 17, kati ya saa 1 na saa 4 usiku, tukiwa arusini, wezi walivunja komeo la dirisha la nyuma wakachukua vito vyangu kabatini. Asubuhi yake nilipiga ripoti polisi.

Vilivyoibwa, vyote karati 22:

Kidani cha matawi matatu, gramu 38.4. Alinivisha marehemu mama siku ya harusi yangu. Kishikizo kimeungwa upya, na alama ya lehemu inaonekana.

Bangili nne za nakshi ya maua, gramu 12.5 kila moja. Moja imebonyea ukingoni.

Herini za jimbi, jozi moja, gramu 6.2.

Jumla ni gramu 94.6, zilizothaminiwa Sh 820,000 Juni 2023. Nimeambatisha hati ya tathmini ya sonara yenye mhuri, risiti ya bangili, picha tatu na nakala ya ripoti ya polisi. Kidani hakina risiti kwa kuwa ni urithi, ila kimo kwenye tathmini.

Naomba mkaguzi aje mapema, dirisha sijalitengeneza.

Wako mwaminifu,
Mwanaisha Omari