Maombi ya kazi: mtunza stoo, tawi la Mbeya (nipo tayari kuhamia)

Ndugu Meneja Rasilimali Watu,

Salaam. Ninaomba nafasi ya mtunza stoo. Nimefanya kazi hiyo miaka 4 kwenye ghala la pembejeo hapa Morogoro. Wasifu na vyeti nimeviambatanisha.

Najua mwombaji wa mbali huzua swali, kwa hiyo nalijibu mapema. Nitahamia Mbeya kwa hakika. Mkataba wangu unanitaka nitoe notisi ya siku 28. Mkinipa barua ya ajira ifikapo tarehe 2 Machi, nitaripoti kazini Jumatano, tarehe 1 Aprili 2026.

Kwa makazi, nitafikia kwa mama mdogo, Uyole, ambaye ameshanikubalia nikae hadi miezi 3. Daladala za kuelekea Iyunga ninazifahamu. Nimeweka akiba ya kodi ya miezi 6, maana wenye nyumba wengi hudai ya mkupuo, na nitatafuta chumba karibu na ghala. Sitaomba posho ya nyumba wala nauli, ingawa mkiwa na utaratibu huo nitaupokea kwa shukrani.

Usaili naweza kuja ana kwa ana, nikiarifiwa siku 3 kabla.

Wenu mtiifu,
Rehema