Maneno ya kumkaribisha Dokta Mwanaidi, Zahanati ya Kipumbwi, Pangani

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh. Ndugu zangu Wakristo, Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu mliokaa kwenye mikeka hapo mbele, shikamooni.

Mwenyekiti wetu wa kijiji, Bwana Mtendaji, Maalim, Mchungaji, na muuguzi wetu wa zahanati, ahsanteni kwa kuitikia wito. Kina mama mlioacha dagaa kwenye vichanja, hatutawaweka hadi magharibi. Wavuvi, tunajua giza la mwezi limeingia na taa zinawangoja. Kikao kimewekwa saa kumi makusudi, ili anayetoka usiku huu asichelewe.

Kamati ya zahanati imenituma jambo moja, nimtambulishe mama huyu aliyekaa kuliani kwangu. Wengi mnamjua kwa sura. Anaitwa Dokta Mwanaidi, ni daktari wa afya ya jamii, na leo amekuja kuzungumza nasi juu ya mabusha na matende.

Najua maradhi haya yakitajwa baraza huwa kimya. Mtu anabadilisha kanzu, anavaa shuka pana, anaacha kwenda sokoni, anaacha hata sala ya jamaa, na sisi majirani tunajifanya hatuoni. Ndiyo maana kamati haikutaka kutuletea mtu yeyote tu. Tulitaka mtu ambaye baba mzima anaweza kumweleza shida yake bila kuinamisha kichwa.

Kwao Dokta ni Muheza, Bondei. Babu yake mzaa mama alikuwa na shamba la minazi hapo Mwera, na wazee wawili waliopo hapa wamenihakikishia kwamba walimfahamu mzee yule. Kwa hiyo msiogope kusema naye kwa lugha ya kwetu. Ukimwambia una mshipa, anakuelewa. Ukimwambia mtoki umekupanda na mguu unawaka, hahitaji mkalimani.

Elimu yake ni hii. Alisomea udaktari Muhimbili miaka mitano, akafanya mwaka wa mazoezi ya kazi katika Hospitali ya Bombo pale Tanga mjini, akatibu wagonjwa wodini kwa miaka, kisha akarudi Muhimbili kusomea afya ya jamii. Anayo leseni ya Baraza la Madaktari Tanganyika, na mwenyekiti wa kamati ameiona kwa macho yake kabla hatujakubaliana siku ya leo. Hilo tuliliomba sisi. Hakukasirika, aliitoa kwenye mkoba akatukabidhi.

Labda mtu anajiuliza daktari wa afya ya jamii ni daktari wa namna gani. Daktari wa wodini anamngoja mgonjwa aje. Huyu anauliza kwa nini nyumba za upande ule zina wagonjwa wengi kuliko za upande huu, maji yanatuama wapi, mbu wanazaliana kwenye choo gani, nani alikosa dawa na kwa nini alikosa. Anatibu kijiji kama mwenzake anavyotibu mtu mmoja.

Sasa niseme lile ambalo tunalisema pembeni, na leo nataka lisemwe mbele yake, maana mwenyewe ameniomba nisilifiche.

Miaka iliyopita walikuja watu hapa usiku. Walitutoa vitandani, wakatuchoma vidole, wakachukua damu kwenye vioo, wakaondoka. Hakuna aliyerudi kutuambia damu ile ilionyesha nini. Mpaka leo wapo watu humu hawajui kama walikutwa na minyoo ya matende au la. Ndipo maneno ya mumiani yakaingia, na siwalaumu waliosema. Mtu akikuchukulia damu saa sita za usiku halafu akapotea, utafikiri nini?

Dokta Mwanaidi hakuwa pamoja na watu wale. Lakini alipofika kwetu mara ya kwanza, jambo alilolisikia kabla ya yote ni hilo, kwenye baraza la wazee pale pwani. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaeleza kwamba vijidudu vya matende, watoto wa ile minyoo, mchana hujificha ndani ya mwili, na usiku ndipo wanapotoka kwenye damu ya juu, saa ambazo mbu wanauma. Kwa kipimo kile cha kioo, ukimpima mtu mchana unaweza usiwaone. Siku hizi kipo kipimo kingine kinachofanywa hata adhuhuri. Akasema pia, na maneno haya nayakumbuka yalivyo, "Kuchukua damu usiku kulikuwa na sababu. Kutowarudishia majibu hakukuwa na sababu."

Baadaye alipima watu wa kitongoji cha juu waliokubali kupimwa, mchana, mbele ya muuguzi wetu. Akarudi na majibu. Hakuyabandika ukutani wala hakuyasoma mkutanini. Aliingia nyumba kwa nyumba, akamwita mhusika pembeni, akamwambia yeye peke yake. Waliopimwa wapo hapa, waulizeni kama nasema uongo.

Kuna bibi yetu mmoja ameniruhusu nilisimulie hili bila jina lake. Mguu wake mnaujua, umevimba tangu watoto wake wakiwa wadogo, na kila baada ya muda homa inamwangusha. Siku hiyo Dokta alifika kwake, akavuta kigoda, akaomba beseni, maji safi na kipande cha sabuni, sabuni hii hii ya kufulia. Akauosha ule mguu yeye mwenyewe. Akapitisha kidole taratibu kila penye mkunjo, akatafuta vidonda vidogo katikati ya vidole vya mguu, akasuuza, akaupangusa kwa kitambaa safi mpaka pakavu kabisa, kidole kwa kidole. Akamwonyesha mjukuu namna ya kuuegemeza mguu juu ya mto bibi anapokaa. Hakuziba pua, hakuvuta uso. Bibi aliniambia hakuna mgeni aliyewahi kuugusa mguu ule. Mjukuu anamwosha kila siku tangu hapo, na zile homa zimepungua. Dokta hakumdanganya kwamba mguu utarudi kuwa kama wa msichana. Alimwambia ukweli, na bibi aliupokea.

Yupo pia mzee mmoja, mvuvi, aliyebeba busha hadi akashindwa kupanda chomboni. Dokta alimweleza kwamba busha hutibika kwa upasuaji, akampigia simu mwenyewe daktari wa upasuaji, akamtafutia siku. Baada ya mzee kutoka hospitali, alimfuata nyumbani kukitazama kidonda. Mzee huyo amerudi baharini. Akipenda atasema mwenyewe leo, asipopenda tusimwangalie.

Jambo jingine lililonifanya nimheshimu ni dogo, lakini mimi naliona kubwa. Pale barazani kijana mmoja alisema busha linaletwa na kunywa madafu, kama tulivyosikia wote tangu utotoni. Dokta hakumcheka wala hakumdharau. Aliomba dafu, likaangushwa, akalinywa lote mbele yetu, ndipo akaanza kueleza habari za mbu na minyoo. Wazee walikaa wakamsikiliza.

Sitaki kummalizia maneno, kwa hiyo dawa nazitaja kwa ufupi. Kingatiba ya matende na mabusha si jambo jipya kwetu. Katika mkoa huu wa Tanga ilianza kugawiwa 2004, na wengi hapa mmeshapimwa urefu kwa ile fimbo ndefu ili mjue mtameza vidonge vingapi. Wapo waliomeza wakapata homa na kizunguzungu, wakaapa hawarudii. Wapo waliosikia kwamba dawa inaua uzazi. Wapo wasiomeza kwa sababu hawaumwi, na wanauliza mtu mzima wa afya anameza dawa ya nini. Yote hayo muulizeni. Mwulizeni kwa nini mjamzito na mtoto mdogo hawapewi. Mwulizeni kwa nini kila mwaka, na si mara moja ikaisha. Yeye mwenyewe amesema heshima anayoitaka kwetu ni maswali magumu, si makofi.

Kina baba, kwenu nina taarifa maalumu. Dokta anajua kwamba si kila mwanaume atakuwa huru kumwonyesha mama maumbile yake, na hakulichukulia vibaya. Amekuja na tabibu wa kiume, yule kijana mwenye shati la buluu pale mlangoni. Mazungumzo yakiisha atakuwa chumba cha ndani cha zahanati, mlango umefungwa, mtu mmoja mmoja. Kina mama mtamwona Dokta mwenyewe chumba cha muuguzi. Ameahidi hataondoka mpaka wa mwisho aonwe, na amepanga kulala hapa hapa Kipumbwi kwa mama muuguzi, kwa hiyo pantoni ya jioni haimkimbizi.

Na hili lisikike mpaka nyuma kabisa. Leo hakuna atakayechomwa kidole. Hakuna atakayemezeshwa kidonge. Hakuna karatasi ya kusaini wala shilingi ya kutoa. Leo ni kuzungumza tu, na kuonwa kwa anayetaka. Zoezi la dawa likifika mtatangaziwa msikitini, kanisani na kwa kipaza sauti cha kijiji, na kila mtu ataamua akiwa ameshajua.

Namba ya simu ya Dokta ameiacha kwa muuguzi wetu, na ipo kwa ajili yenu. Mtu akipata shida wiki ijayo au mwezi ujao, aende zahanati, atapigiwa. Hilo pia tumeshalijaribu kwenye kamati, na alipokea.

Vijana, zimeni redio kwenye hizo bodaboda. Watoto wakae mbele ya mkeka wasizibe wakubwa. Nyie wa chini ya mwembe sogeeni, hapa kuna kivuli cha kutosha na Dokta hatumii kipaza sauti.

Dokta Mwanaidi, hawa ndio wenyeji wako. Karibu uzungumze nao.