Barua ya Kuacha Kazi kwa Sababu ya Maradhi ya Muda Mrefu

Mtaa wa Isevya,
Tabora.
3 Machi 2025

Meneja Rasilimali Watu,
Kampuni ya Ununuzi wa Tumbaku,
Tabora.

Ndugu Meneja,

YAH: KUACHA KAZI KWA SABABU YA MARADHI NA MAOMBI YA STAHIKI ZANGU

Rejea kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni msimamizi wa ghala na mizani, niliyeajiriwa tarehe 1 Juni 2016. Kwa barua hii natoa notisi ya siku 28 ya kuacha kazi, kuanzia leo. Siku yangu ya mwisho kazini itakuwa tarehe 31 Machi 2025.

Hali yangu mnaifahamu, maana vyeti vya daktari vimo kwenye faili langu. Figo zimeshindwa kazi, na sasa nasafishwa damu mara tatu kwa wiki pale Bugando, Mwanza, kila mara takriban saa nne nikiwa kwenye mashine. Nilijaribu kwenda na kurudi, mwili ukakataa. Msimu wa masoko unakaribia, na ghala linataka mtu anayeweza kusimama mizanini tangu robota la kwanza hadi la mwisho. Mtu huyo si mimi tena. Nahamia Mwanza kwa mdogo wangu ili niwe karibu na hospitali.

Jambo linaloninyima usingizi kuliko yote ni kadi ya bima ya afya. Matibabu haya nayapata kwa kadi ya NHIF inayotokana na ajira hii, nami siwezi kukaa hata wiki moja bila mashine. Naomba mnijulishe mapema, na kwa maandishi, kadi itasitishwa tarehe gani na jina langu litaondolewa lini, ili nijiandae kuingia kwa njia nyingine kabla ya siku hiyo. Tafadhali jina lisiondolewe kimyakimya. Mgonjwa hapaswi kupata habari hiyo dirishani.

Kuhusu malipo ya mwisho, naomba nipewe mchanganuo ulioandikwa, si jumla peke yake. Nategemea kuona mshahara wa Machi, siku zangu 28 za likizo ya mwaka ambazo sikuzichukua, na hesabu ya likizo ya ugonjwa. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, siku 63 za mwanzo ni za mshahara kamili na 63 zinazofuata ni za nusu mshahara. Kwenye hati ya mshahara ya Januari nimeona nusu mshahara kwa mwezi mzima, wakati kwa hesabu yangu siku za mshahara kamili zilikuwa bado hazijaisha. Naomba mhasibu alinganishe na daftari la mahudhurio.

Kiinua mgongo najua kina utata. Sheria inataja siku saba za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika pale mwajiri anapositisha ajira, na hapa anayeandika barua ni mimi. Lakini siondoki kutafuta kazi kwingine. Afya ndiyo inayonitoa. Naomba menejimenti ifikirie kuumaliza mkataba huu kwa sababu za kiafya, ili miaka minane niliyotimiza ihesabiwe. Nikiitwa kwa mazungumzo nitafika, ilimradi isiwe siku ya mashine. Kama mtakubali utaratibu huo, barua hii isiwe kizuizi.

Niliajiriwa nikiwa Kasulu, Kigoma, hivyo naomba pia nauli na gharama za kusafirisha mizigo hadi mahali nilipoajiriwa, ingawa kwa sasa naelekea Mwanza.

Kwa upande wa NSSF, fao la kukosa ajira halimhusu anayeacha kazi mwenyewe, kwa hiyo naelekeza macho kwenye pensheni ya ulemavu. Michango ya Novemba na Desemba 2024 haionekani kwenye taarifa yangu, ingawa makato yapo kwenye hati za mshahara. Naomba iwasilishwe kabla sijaondoka, na fomu zinazohitaji sahihi na mhuri wa mwajiri zisikae mezani. Naomba vilevile cheti cha utumishi.

Deni langu la chama cha akiba na mikopo cha wafanyakazi lipo na silikani. Ombi langu ni kwamba lisikatwe lote kwa mkupuo kwenye malipo haya, kwani ndiyo nauli na chakula changu cha miezi ya mwanzo.

Funguo za ghala, leja ya marobota na daftari la mizani nitavikabidhi kwa msaidizi wangu mbele ya mkaguzi wa ndani. Mizani ya upande wa reli inavuta kidogo asubuhi. Aizoee kabla wakulima hawajaanza kupanga foleni.

Wenzangu wa ghalani walichangishana nauli yangu ya kwanza ya Mwanza. Nawashukuru sana, pamoja na ofisi yako kwa ruhusa zote mlizonipa.

Naomba majibu kabla ya tarehe 17 Machi. Namba yangu ya simu ni ileile iliyomo kwenye faili.

Wako mtiifu,

(Sahihi)
Bakari J. Ntahondi
Msimamizi wa Ghala na Mizani

Nakala: Katibu wa Tawi, Chama cha Wafanyakazi